Swali la enzaimu na joto: jinsi ya kusoma grafu na kueleza kwa nini kasi inaporomoka baada ya kilele

Nimeamua kuandika hii kwa sababu swali ni lilelile, na majibu yanayokosa maksi ni yaleyale. Mtu anaonyeshwa grafu ya kasi ya enzaimu dhidi ya joto, mstari unapanda mpaka kilele halafu unashuka, anaulizwa kwa nini unashuka. Anaandika "kwa sababu joto limekuwa kali enzaimu zikafa." Hapo ameshapoteza maksi karibu zote na yeye anatoka kwenye chumba cha mtihani akijua amepata.

Basi twende hatua kwa hatua. Nitatumia enzaimu moja tu mwanzo mpaka mwisho, amilesi ya mate, ile inayovunja wanga kuwa sukari ya maltozi, maana ndiyo wengi mmeifanya maabara au mtaifanya.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa vizuri, rula ya sentimita 30, kifutio, kalkuleta. Kama una pepa ya zamani yenye swali la namna hii iweke pembeni, utaijaribu mwishoni.

Na unahitaji data. Hizi hapa nimezitunga kwa ajili ya mazoezi, lakini zinafanana na zile ambazo jaribio la kweli linatoa. Wanafunzi wameweka mate yaliyozimuliwa kwenye tyubu sita, wanga wa asilimia 1 kwenye tyubu nyingine sita, kila jozi ikakaa kwenye maji ya joto lake kwa dakika 5 kabla ya kuchanganywa. Baada ya kuchanganya, kila sekunde 30 wakachukua tone wakaliweka juu ya ayodini kwenye kigae cheupe. Wanga ukiwepo, rangi inakuwa bluu-nyeusi. Wanga ukiisha, ayodini inabaki na rangi yake ya kahawia-njano.

| Joto (°C) | Muda mpaka wanga kuisha (sekunde) |
|---|---|
| 10 | 960 |
| 20 | 480 |
| 30 | 240 |
| 40 | 120 |
| 50 | 300 |
| 60 | haujaisha baada ya sekunde 1200 |

Zile dakika 5 za kukaa kabla ya kuchanganya si mapambo, ukizichanganya zikiwa baridi halafu ndio upeleke kwenye maji ya moto, reaksheni inaanza wakati joto bado linapanda na namba yako haiwakilishi joto ulilolitaja. Na usimwage ayodini ndani ya tyubu yenyewe ikiwa moto, ile rangi ya bluu-nyeusi inafifia kwenye joto kali hata kama wanga upo, utadhani umeisha kumbe upo palepale. Ndio maana tunatoa tone tunalipeleka kwenye kigae, tone linapoa haraka.

## Hatua ya 1: Soma mihimili kabla ya kuangalia mstari

Usikimbilie umbo la grafu. Anza na mhimili wa chini, uliza ni nini kimeandikwa na kwa kipimo gani. Halafu mhimili wa wima, hapo ndipo mtego ulipo.

Mhimili wa wima unaweza kuwa kasi, au unaweza kuwa muda. Grafu hizi mbili zinaonekana kinyume kabisa. Ya kasi inapanda halafu inashuka, kama mlima. Ya muda inashuka halafu inapanda, kama bonde. Ni enzaimu ileile na data zilezile.

Ukiwa na grafu ya muda, sehemu ya chini kabisa ndiyo enzaimu inafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu muda mfupi maana yake kasi kubwa. Nimeona watu wanaangalia bonde wanasema "enzaimu ni dhaifu zaidi kwenye nyuzi 40" wakati pale ndipo imekimbia kuliko sehemu zote.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila kuangalia mstari bado, namba ikiwa kubwa kwenye mhimili wa wima ni habari njema au mbaya kwa enzaimu.

## Hatua ya 2: Geuza muda kuwa kasi

Swali likikupa muda na kukuambia uchore kasi, unagawanya 1 kwa muda. Tatizo ni kwamba 1 ÷ 960 inakupa 0.00104, namba mbaya kuploti, kwa hiyo watu wengi wanatumia 1000 ÷ muda. Haibadilishi umbo la grafu, inakuza namba tu. Ila lazima uandike kwenye mhimili kwamba ni 1000/t, usiandike "kasi" ukanyamaza.

Kwa data zetu:

- 10 °C: 1000 ÷ 960 = 1.04
- 20 °C: 1000 ÷ 480 = 2.08
- 30 °C: 1000 ÷ 240 = 4.17
- 40 °C: 1000 ÷ 120 = 8.33
- 50 °C: 1000 ÷ 300 = 3.33
- 60 °C: hapa tulia kwanza

Ile ya 60 inawachanganya watu. Wanga haujaisha mpaka walipoacha kupima sekunde ya 1200, kwa hiyo huna muda wa kugawanya. Usiweke 1000 ÷ 1200, hiyo ingekuwa na maana kwamba uliisha dakika ya 20 kamili na haikuwa hivyo. Kwa kawaida tunaploti 0, tukijua kwamba kwa ukweli kabisa tunachoweza kusema ni kwamba kasi iko chini ya 0.83. Kama kuna enzaimu chache zilifanya kazi kidogo kabla ya kuharibika, jaribio hili haliwezi kutuonyesha.

## Hatua ya 3: Ploti na uunganishe

Joto kwenye mhimili wa chini, kasi kwenye wa wima. Joto ni kile ulichokipanga wewe mwenyewe, kasi ni kile kilichojitokeza, kwa hiyo usizibadilishe nafasi. Chagua skeli inayojaza zaidi ya nusu ya karatasi, kwa data hizi sentimita 2 kwa kila nyuzi 10 na sentimita 2 kwa kila uniti 1 ya kasi inakaa vizuri. Weka alama ndogo za msalaba kwa penseli.

Unganisha kwa mkunjo laini wa mkono, isipokuwa swali likisema utumie rula nukta kwa nukta. Usiuvute mstari kushoto mpaka kwenye nyuzi 0 au chini yake, huna data huko.

Angalia umbo: upande wa kushoto unapanda taratibu kisha unaongeza kasi, upande wa kulia unaanguka ghafla. Si mlima wenye pande sawa. Kama wa kwako umetoka kama kengele iliyopimwa pande zote mbili zikafanana basi kuna kitu umeploti vibaya, au umechora umbo ulilolikariri badala ya namba ulizopewa.

## Hatua ya 4: Eleza kinachoonekana, sababu bado

Swali likisema eleza grafu inavyoonekana, linataka macho yako. Likisema toa sababu, linataka biolojia. Watu wanachanganya haya mawili halafu wanashangaa kwa nini wameandika nusu ukurasa wakapata maksi moja.

Kueleza kinachoonekana ni hivi: kutoka nyuzi 10 mpaka 40 kasi inaongezeka, kutoka 1.04 mpaka 8.33, na inajirudufu karibu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10. Kwenye data zetu kasi kubwa kuliko zote ni kwenye nyuzi 40. Baada ya hapo inashuka haraka mpaka 3.33 kwenye nyuzi 50, na kwenye 60 hakuna kasi iliyoweza kupimwa.

Umeona nimetaja namba na nyuzi? "Inapanda halafu inashuka" peke yake haitoshi. Kila ukisema kitu kimepanda, sema kutoka wapi mpaka wapi. Na usiweke sababu yoyote hapa, neno "kwa sababu" likikutoka kwenye hatua hii ujue umeruka.

## Hatua ya 5: Sababu ya upande wa kupanda

Hapa wengi wako vizuri kwa hiyo sitakaa sana. Joto likiongezeka, molekuli za enzaimu na za wanga zinapata nishati ya mwendo zaidi, zinakwenda kasi, zinagongana mara nyingi zaidi, na migongano mingi zaidi inakuwa na nguvu ya kutosha kuanzisha reaksheni. Kwa hiyo kila sekunde wanga mwingi zaidi unaingia kwenye aktivu saiti ya amilesi, yaani ule mfuko kwenye enzaimu ambamo substreti, kile kitu enzaimu inachokifanyia kazi, inakaa. Bidhaa inatoka haraka zaidi.

Onyo moja tu. Kwenye nyuzi 10 enzaimu haijaharibika. Ni nzima kabisa, umbo lake liko palepale, ila mambo yanakwenda polepole. Ukiandika kwamba baridi imeidinecha, yaani imeifanya ipoteze umbo, umekosa, na kosa hilo linakula pia maksi za hatua ya 7 kwa sababu msahihishaji anaona huelewi kudinecha ni nini.

## Hatua ya 6: Kilele, na jinsi ya kukitaja bila kujifunga

Joto ambalo kasi ni kubwa kuliko zote linaitwa optimamu. Kwenye grafu unashusha mstari wa nukta kutoka kileleni mpaka mhimili wa chini na unasoma.

Sasa kuna swali la nyongeza linapenda kufuata: "Je, una uhakika optimamu ni nyuzi 40?" Jibu ni hapana. Tulipima 30, 40 na 50 tu. Kilele cha kweli kinaweza kuwa 37 au 43, hatukupima katikati, na amilesi ya mate inajulikana kufanya vizuri karibu na nyuzi 37 ambalo ndilo joto la mwili. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi rudia jaribio kwa vipimo vya karibu karibu kati ya 30 na 50, mfano 32, 34, 36 na kuendelea.

Pia usiandike kwamba kwenye optimamu "kasi imetulia". Haijatulia, kilele si uwanda. Uwanda unaouona kwenye vitabu ni wa grafu nyingine, ile ya kasi dhidi ya kiasi cha substreti, ambapo aktivu saiti zote zimejaa na kuongeza substreti hakusaidii. Ukileta maelezo ya grafu ile hapa umechanganya maswali mawili.

## Hatua ya 7: Sababu ya kushuka, hapa ndipo penyewe

Soma polepole. Jibu la kushuka ni mnyororo, kila pingu inashika inayofuata, na ukiruka moja msahihishaji hawezi kukuwekea maksi yake kwa kukuhurumia.

Pingu ya kwanza, enzaimu ni protini iliyokunjwa. Amilesi ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na mnyororo huo umekunjwa kwa namna maalumu kabisa. Mkunjo huo ndio unaotengeneza umbo la aktivu saiti. Kinachoushikilia mkunjo ni bondi dhaifu, hasa za haidrojeni na za aioni, ni nyingi lakini kila moja ni dhaifu.

Pingu ya pili, joto likipita optimamu mnyororo wenyewe unatetemeka kupita kiasi. Ni nishati ileile iliyosaidia migongano kwenye hatua ya 5, sasa inatikisa sehemu za enzaimu mpaka zile bondi dhaifu zinakatika. Angalizo kubwa: zinazokatika ni zile zinazoshikilia mkunjo. Bondi za peptidi zinazounganisha asidi amino moja na nyingine hazikatiki kwa nyuzi 50 au 60. Ukiandika "enzaimu imevunjika kuwa asidi amino" hapo umeelezea mmeng'enyo wa protini, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Pingu ya tatu, mkunjo ukifunguka aktivu saiti inabadilika umbo. Hili ndilo linaloitwa kudinecha. Liandike jina lake, lakini usiishie kwenye jina. Neno peke yake bila umbo la aktivu saiti ni jibu la nusu.

Pingu ya nne, wanga hauingii tena. Umbo la substreti na umbo la aktivu saiti havioani, kwa hiyo changamano la enzaimu na substreti halitengenezwi.

Pingu ya tano, kasi inashuka. Changamano chache kwa sekunde maana yake bidhaa chache kwa sekunde. Malizia na hii kila mara kwa sababu swali liliuliza kuhusu kasi, halikuuliza kuhusu umbo. Watu wengi wanaishia pingu ya nne, wanaacha swali lenyewe bila kujibiwa.

### Kwa nini kwenye nyuzi 50 haijafika sifuri?

Kwa sababu enzaimu hazidinechi zote kwa mpigo. Ndani ya tyubu kuna molekuli nyingi mno za amilesi, na kwenye nyuzi 50 baadhi zimeshapoteza umbo, nyingine bado zinafanya kazi, na zile zilizobaki nzima zinafanya kazi haraka sana maana joto ni kubwa. Muda unavyokwenda nazo zinapungua.

Unaweza hata kukadiria. Kasi ilikuwa inajirudufu kila nyuzi 10. Kama enzaimu zingebaki nzima, kwenye nyuzi 50 tungetarajia kama 16.7, mara mbili ya 8.33. Tumepata 3.33, ambayo ni kama moja ya tano ya kile kilichotarajiwa. Kwa hiyo ukipiga wastani kwa muda wote wa jaribio, ni kama vile moja ya tano tu ya enzaimu ndiyo ilikuwa kazini. Ni makadirio, si kipimo, lakini ukikaa na hilo kidogo utaelewa kwamba upande wa kulia wa grafu kuna nguvu mbili zinapigana: migongano inazidi kuongezeka, enzaimu nzima zinazidi kupungua, na ya pili inashinda tena kwa haraka. Ndio maana anguko ni kali kuliko mpando.

Hii pia inaua lile jibu la "kwenye joto kali molekuli zinagongana kidogo". Hapana. Zinagongana zaidi kuliko wakati wowote, ila migongano haizai kitu kwa sababu aktivu saiti imeharibika.

## Majibu yanayoonekana mazuri lakini hayana maksi

"Enzaimu zimekufa." Enzaimu hazikuwahi kuwa hai. Ni protini, ni molekuli. Kuna kudinecha, hakuna kufa. Hata "zimeuawa" usiandike.

"Wanga umeisha." Hili linawapata hata wanafunzi wazuri. Wanafikiri grafu ni ya tyubu moja ambayo joto lake linapandishwa taratibu, kwamba ikifika nyuzi 50 wanga umeshaliwa. Kumbe kila nukta ni tyubu yake, na zote zilianza na kiasi kilekile cha wanga. Halafu angalia tyubu ya nyuzi 60, ayodini bado inatoa bluu-nyeusi baada ya dakika 20. Wanga umejaa, mlaji ndiye hayupo.

"Enzaimu zimetumika zikaisha." Enzaimu haitumiki ikaisha, inaachia bidhaa na inapokea substreti nyingine. Kama zingekuwa zinaisha kwa kutumika basi tyubu ya nyuzi 40 iliyofanya kazi nyingi kwa muda mfupi ndiyo ingekwama kwanza.

"Joto limezidi optimamu." Hii ni kweli lakini si sababu, ni kurudia swali kwa maneno mengine. Ni sawa na kuulizwa kwa nini grafu inashuka ukajibu kwa sababu imepita kilele.

"Aktivu saiti ya wanga imebadilika." Aktivu saiti ni ya enzaimu, wanga ni substreti. Ukiandika kwa haraka unaweza kuzigeuza bila kujua, kwa hiyo ukimaliza jibu tafuta neno hilo tu na uangalie umempa nani.

## Hatua ya 8: Jipime kwa swali la kurudisha joto

Hili ndilo swali linaloonyesha kama umeelewa au umekariri, na walimu wanalipenda.

*Tyubu ya nyuzi 10 na tyubu ya nyuzi 60 zote zinahamishiwa kwenye maji ya nyuzi 40. Zote bado zina wanga. Nini kitatokea kwa kila moja, na kwa nini?*

Funika hapa chini kwa mkono ujibu kwanza.

Tyubu iliyotoka nyuzi 10: wanga utaanza kuisha haraka. Enzaimu ilikuwa nzima, ilikosa nishati tu, ukiipa joto migongano inaongezeka.

Tyubu iliyotoka nyuzi 60: itaendelea kutoa bluu-nyeusi. Enzaimu zimeshadinecha, na kwa kawaida kudinecha kwa joto hakurudi nyuma. Kupoza hakukunji upya mnyororo kama ulivyokuwa. Ukitaka kuona kitu cha namna hiyo jikoni, chukua ute wa yai uliochemka uweke kwenye friji usiku kucha, hautarudi kuwa maji maji, na ute ule ni protini zilizodinecha na kushikana.

Ukiangalia grafu, kwenye nyuzi 30 kasi ni 4.17 na kuna sehemu kati ya 40 na 50 upande wa kushuka ambapo kasi ni hiyohiyo. Namba moja, sababu mbili tofauti: upande mmoja enzaimu zote nzima lakini zinakwenda polepole, upande mwingine zilizobaki zinakimbia lakini ni chache. Ukiulizwa utofautishe vipi, jibu ni hilihili la kuhamisha tyubu kwenda nyuzi 40, moja itaongeza kasi, nyingine haitarudi kwenye 8.33.

## Jibu la mfano

Swali: *Ukitumia grafu, toa sababu ya mabadiliko ya kasi kati ya nyuzi 40 na 60. (maksi 5)*

> Kasi inashuka kutoka 8.33 kwenye 40 °C mpaka 3.33 kwenye 50 °C, na kwenye 60 °C hakuna kasi iliyopimika. Juu ya optimamu, molekuli za amilesi zinatetemeka sana mpaka bondi dhaifu, mfano za haidrojeni, zinazoshikilia mkunjo wa protini zinakatika. Umbo la aktivu saiti linabadilika, yaani enzaimu inadinecha. Wanga hauwezi tena kuingia kwenye aktivu saiti, hivyo changamano za enzaimu na substreti zinapungua na kasi inashuka. Joto linavyozidi, enzaimu nyingi zaidi zinadinecha, mpaka kwenye 60 °C karibu zote zimeacha kufanya kazi.

Hesabu mwenyewe: namba za grafu, mtetemo na bondi, umbo la aktivu saiti, substreti kutoingia, kasi. Hoja tano, maneno hayafiki mia moja. Kwenye mtihani wa Kiingereza mpangilio ni huuhuu, unaweka tu istilahi ulizoandika darasani.

## Ukibadilishiwa enzaimu

Mtego wa mwisho ni kukariri 37. Mtu anapewa grafu yenye kilele kwenye nyuzi 70 na ushee, anaandika optimamu ni 37 kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Soma grafu iliyo mbele yako.

Papaini inayotoka kwenye utomvu wa papai bichi inastahimili joto kuliko amilesi yetu, optimamu yake iko karibu na nyuzi 60 na kitu, ndio maana nyama iliyopakwa papai bichi inaendelea kulainika hata ikishaanza kupata moto jikoni, mpaka joto likipanda zaidi ndipo papaini nayo inadinecha. Na kuna bakteria anaitwa Thermus aquaticus, aligunduliwa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone kule Marekani, enzaimu yake ya kunakili DNA inafanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 70 na kidogo, na maabara wanaitumia kwenye PCR, njia ya kutengeneza nakala nyingi za DNA, kwa sababu haiharibiki haraka hata sampuli ikipashwa joto mpaka karibu nyuzi 95.

Ukiulizwa kwa nini hizi zinastahimili zaidi, rudi kwenye pingu ya kwanza: mkunjo wao umeshikiliwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo linahitajika joto kubwa zaidi ili kuufungua. Baada ya kilele chao mnyororo wa sababu ni uleule, namba tu ndizo zinahama kulia.

Jambo moja kwa wale wa kidato cha tano na sita, muda wa kukaa kwenye joto nao unahamisha kilele. Ukiiacha amilesi kwenye nyuzi 50 kwa saa nzima kabla ya kuchanganya na wanga, utapata kasi ndogo kuliko ukiiacha dakika 5, kwa sababu kudinecha kunaendelea kadiri muda unavyokwenda. Kwa hiyo grafu mbili za enzaimu moja zikionyesha optimamu tofauti kidogo usikimbilie kusema moja imekosewa, angalia kwanza kila moja ilikaa kwenye joto kwa muda gani.